Kibali ni kimoja, gari ni jingine: barua iliyotufikisha Moshi

Jumamosi ile saa 12:15 asubuhi, wachezaji wangu walikuwa wamekaa kwenye ngazi za ofisi ya walimu, jezi mwilini, viatu vya mpira vimefungwa kamba na kuning'inizwa shingoni. Baridi ya Arusha mwezi wa saba haina huruma, lakini hakuna aliyelalamika. Walikuwa wanaangalia geti. Mimi nilikuwa najua tangu jana yake saa 10 jioni kwamba hakuna gari litakaloingia getini, na nilishindwa kupata namna ya kuwafikia wote usiku ule kwa sababu wengi hawana simu nyumbani au simu ya baba ilikuwa imezimwa. Nikasimama mbele yao nikawaambia. Binti mmoja wa kidato cha pili, mfungaji wetu wa netiboli, akaniuliza, "Madam, kwani barua haikufika?"

Barua ilifika. Tatizo lilikuwa barua yenyewe, na mwandishi wake nilikuwa mimi.

Ninafundisha shule ya sekondari ya kata mkoani Arusha, na pia ni mwalimu wa michezo. Shule moja ya Moshi ilikuwa imetualika kwenye bonanza la shule nane, mpira wa miguu wavulana na netiboli wasichana, siku moja tu. Kutoka kwetu hadi Moshi ni kama kilomita 80, njia ya lami moja kwa moja kupitia Usa River na Boma Ng'ombe. Safari ya saa mbili. Nikaona ni jambo dogo, na udogo huo ndio ulionidanganya.

Barua ya kwanza niliiandika usiku mmoja mezani kwangu, zikiwa zimebaki siku 12. Ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisalimia na kueleza faida za michezo kwa vijana. Ya pili ilisema: "Hivyo tunaomba ruhusa na msaada wa usafiri kwa wanafunzi takribani 40 watakaoenda Moshi." Nikaiandikia Afisa Elimu Sekondari moja kwa moja, nikasaini kwa jina langu, mwalimu wa michezo, nikapanda bodaboda hadi halmashauri nikaiacha masjala. Nakala moja tu. Sikubaki na chochote mkononi.

Siku ya tatu ikarudishwa. Barua ya shule husainiwa na Mkuu wa Shule na hupita kwa Afisa Elimu Kata. Hilo nililijua, ila nilidhani kwa jambo dogo kama hili wataniachia. Tukaiandika upya, Mkuu akasaini, Afisa Elimu Kata akapitisha, nikairudisha. Zilikuwa zimebaki siku 7. Baada ya hapo nikawa napiga simu. Jumatatu nikaambiwa barua iko kwa Afisa Elimu. Jumatano nikaambiwa iko kwa Afisa Michezo. Alhamisi hakuna aliyejua iko wapi, na mimi sikuwa na nakala yenye mhuri wa kupokelewa, kwa hiyo sikuwa na tarehe wala namba ya kuwaambia watafute nini. Nikaenda mwenyewe. Ilikuwa kwenye trei ya anayepanga magari ya halmashauri, imeandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu: "Takribani 40 ni wangapi?"

Ijumaa saa 10 jioni jibu likaja kwa mdomo: wiki hii magari yote yana kazi. Nikauliza, basi kibali tupeni, tutatafuta basi la kukodi. Nikaambiwa kibali hakijasainiwa, kwa sababu barua bado iko kwenye suala la gari.

Nilikasirika. Nilirudi kwa Mkuu wa Shule nikamwomba tuondoke hivyo hivyo, tukodi Kosta, kibali kitafuata Jumatatu. Mkuu wangu ni mtu wa maneno machache. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ulikuwa wapi tarehe 6 Mei 2017?" Kila mwalimu wa Arusha anajua alikuwa wapi siku ile. Basi la wanafunzi waliotoka Arusha kwenda Karatu kufanya mtihani na shule ya huko lilitumbukia korongoni kule Rhotia. Walikufa watu 35: wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Mkuu akasema, "Kama kuna kitu kitatokea Kikatiti pale, mzazi ataniuliza nani aliruhusu. Nimwambie nini? Nimwambie kibali kilikuwa kwenye trei?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Tulikuwa tumeshalipa ada ya ushiriki shilingi 50,000. Haikurudi. Lakini hasara iliyoniuma ni zile ngazi za ofisi asubuhi ile. Nilikuwa nimewatangaza wachezaji kwenye paredi wiki nzima kabla, kwa majina, shule ikawapigia makofi. Usiwatangazie watoto safari ambayo karatasi yake hujaishika mkononi. Kwa hilo simlaumu mtu mwingine.

Wiki iliyofuata nilirudi halmashauri, safari hii bila hasira, nikaomba kuelewa barua yangu ilipita wapi. Mama mmoja wa masjala, ambaye naamini ameziona barua za shule kuliko mtu mwingine yeyote katika jengo lile, akanivutia kiti. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akachukua karatasi tupu akanichorea.

Barua ikiingia, akasema, inapigwa mhuri, inapewa faili, inapanda kwa Mkurugenzi, kwa sababu mwenye halmashauri ni Mkurugenzi na wengine wote wanafanya kwa niaba yake. Mkurugenzi anaandika juu yake: "AES, shughulikia." Inashuka kwa Afisa Elimu Sekondari. Yeye anasoma, anaona kuna mambo mawili: watoto kutoka nje ya shule, na gari. La kwanza ni lake. La pili si lake, ni la utawala, kwa anayepanga magari. Faili ni moja, haliwezi kukaa mezani kwa watu wawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo analipeleka kwanza kwenye gari, akitegemea likirudi na jibu ndipo asaini kibali, kwa maana ataruhusuje watoto waende bila kujua wanaendaje? Na kwenye gari ndiko linakokwama, kwa sababu magari ni machache na kila idara inayahitaji.

"Wewe mwanangu uliomba vitu viwili kwa sentensi moja," akaniambia. "Kimoja kilikuwa chepesi, kingine kizito. Kizito kikaketi juu ya chepesi."

Sentensi hiyo moja ndiyo iliyobadilisha kila kitu nilichofanya mwaka uliofuata.

Mwaliko wa mwaka wa pili ulipokuja, nilianza wiki tano kabla, na nilianza kwa kuhesabu viti kabla ya kuandika neno lolote. Kosta tuliyoifikiria ina viti vya abiria 29. Mpira wa miguu, wachezaji 11 na wa akiba 5, jumla 16. Netiboli, 7 wa uwanjani na 3 wa akiba, jumla 10. Hao ni 26. Walimu wawili, mimi na mwalimu wa kiume wa wavulana. Jumla 28, na kiti kimoja kinabaki kwa mtoto akiumia anyooshe mguu. Mwaka wa kwanza niliposema takribani 40 nilikuwa nimewaweka na washangiliaji, bila kujiuliza watakaa wapi. Anayepanga magari akiona 40 na gari lake lina viti 29, hahitaji sababu nyingine ya kukataa.

Kupunguza majina hadi 26 kuliniliza kidogo, sitaficha. Kuna kijana wa kidato cha nne aliyekuja mazoezini kila siku miaka mitatu, na hakuwemo kwenye 16. Nilimwita pembeni nikamwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu.

Kitu cha pili nilichofanya ni kuwapigia simu wenyeji wetu Moshi na kuomba nakala ya kibali chao. Hili halikunijia kichwani mwaka wa kwanza. Bonanza si UMISSETA, ambayo ina ratiba ya serikali na kila ofisi inaijua. Bonanza limeandaliwa na shule, na ofisi yetu ina haki ya kuuliza kama ofisi ya elimu ya huko inalitambua. Wenyeji walikuwa na kibali chao tayari, hakuna aliyewahi kuwaomba nakala. Wakanitumia, nikaichapa, ikawa kiambatisho cha kwanza.

Cha tatu ni mpaka wa mkoa. Moshi ni karibu kuliko baadhi ya kata za mkoa wetu wenyewe, lakini ni Kilimanjaro, na sisi ni Arusha. Nilipomuuliza Afisa Elimu Kata aliniambia safari ikivuka mkoa, halmashauri yetu itataka kuipeleka juu, kwa Katibu Tawala wa Mkoa kupitia Afisa Elimu Mkoa, na huko nako kuna masjala yake na siku zake. Ndiyo maana wiki tano. Kwa safari ya ndani ya halmashauri labda wiki mbili zingetosha.

Kisha nikaandika. Nilitaka ziwe barua mbili tofauti kabisa, moja ya kibali na moja ya gari. Mkuu alikubali, ila akasema barua ya gari iitaje ya kibali kwa kumbukumbu namba, ili wasome kwamba ni safari moja. Ya kibali ilikuwa hivi, nimeondoa tu majina na namba:

> Shule ya Sekondari ........
> S.L.P. ........
> Arusha
>
> Kumb. Na. ........          Tarehe ........
>
> Mkurugenzi Mtendaji,
> Halmashauri ya ........
> (Kwa: Afisa Elimu Sekondari)
>
> K.K.: Afisa Elimu Kata, Kata ya ........
>
> YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA WANAFUNZI 26 NA WALIMU 2 KUSAFIRI KWENDA MOSHI KUSHIRIKI BONANZA LA MICHEZO, JUMAMOSI TAREHE ........
>
> Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.
>
> 2. Shule yetu imealikwa na Shule ya Sekondari ........ ya Moshi kushiriki bonanza la mpira wa miguu (wavulana) na netiboli (wasichana). Barua ya mwaliko na nakala ya kibali cha wenyeji zimeambatishwa.
>
> 3. Watakaosafiri ni wavulana 16, wasichana 10, mwalimu wa kiume 1 na mwalimu wa kike 1. Orodha ya majina, vidato na namba za simu za wazazi imeambatishwa. Fomu za ridhaa za wazazi wote 26 zimekusanywa na zimehifadhiwa shuleni.
>
> 4. Safari ni ya siku moja. Tutaondoka shuleni saa 12:30 asubuhi na kuondoka Moshi saa 9:30 alasiri, ili tuwe shuleni kabla ya saa 12 jioni. Siku hiyo si ya masomo, na haiingiliani na mitihani.
>
> 5. Maombi ya usafiri yamewasilishwa kwa barua ya pekee yenye Kumb. Na. ........ Endapo gari la halmashauri halitapatikana, shule itakodi gari lenye leseni ya kubeba abiria, na nyaraka za gari na dereva zitawasilishwa ofisini kwako kabla ya safari.
>
> 6. Naomba kuwasilisha kwa ajili ya kibali chako.
>
> ........
> Mkuu wa Shule (sahihi na mhuri)
>
> Nakala: Afisa Michezo wa Halmashauri, Mkuu wa Shule mwenyeji.

Angalia kichwa cha habari. Kina idadi, mahali na tarehe. Mkurugenzi mwenye barua 60 mezani anasoma kichwa, na akikiona kimejibu maswali yote anajua anaruhusu nini hata kabla ya aya ya pili. Faida za michezo niliziondoa zote. Afisa Elimu anazijua, na kila mstari wa namna hiyo ulikuwa unamsukuma mbali na idadi aliyokuwa anaitafuta.

Ule muda wa kurudi, saa 12 jioni, niliuweka makusudi. Magari ya serikali hayatakiwi kuwa barabarani baada ya saa 12 jioni bila ruhusa maalumu, na ukiandika kwamba mtarudi saa 2 usiku, umemwongezea mtu kazi ya kuomba ruhusa nyingine. Muda huo ndio uliopanga pia ratiba yetu ya Moshi. Niliwaandikia wenyeji mapema kwamba sisi ni wa mbali, mechi zetu ziwekwe asubuhi.

Barua ya gari ilikuwa fupi zaidi, na hapa nilijifunza kwamba "msaada wa usafiri" si ombi. Anayepanga magari anataka kujua unataka nini hasa: gari lenyewe, dereva, mafuta, au vyote. Tukakaa na Mkuu tukahesabu. Kwenda kilomita 80, kurudi 80, kuzunguka mjini 20 hivi, jumla 180. Kosta iliyojaa tuliihesabia kilomita 5 kwa lita, inatoka lita 36, tukaandika 40. Dizeli tuliipigia shilingi 3,000 kwa lita, yaani shilingi 120,000, na shule ilikuwa nazo kwenye fungu lake la michezo. Kwa hiyo barua ikasema: tunaomba gari lenye viti visivyopungua 28 pamoja na dereva, kwa siku moja, shule itagharamia dizeli lita 40. Mtu aliyekuwa anaombwa gari, dereva na mafuta sasa anaombwa gari na dereva tu.

Nilipeleka barua zote kwa nakala mbili mbili. Moja inabaki masjala, nyingine inapigwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unarudi nayo. Nikazichukua, nikamsalimia yule mama, nikaziweka kwenye faili langu. Simu zangu zilizofuata zilikuwa rahisi. Sikuuliza tena "barua yetu ya michezo imefikia wapi". Nilisoma kumbukumbu namba na tarehe ya mhuri, na kila mara nilijibiwa ndani ya dakika mbili.

Fomu za wazazi zilinichukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Si kwa sababu wazazi walikataa. Baadhi ya watoto wanaishi na bibi, na bibi anaogopa kuweka dole gumba kwenye karatasi ambayo haijui. Nilitembelea nyumba nne. Katika nyumba moja ndipo nilipojua kwamba winga wetu ana pumu, jambo ambalo hajawahi kulisema shuleni kwa kuogopa kuachwa. Dawa yake ya kuvuta ikaingia kwenye boksi la huduma ya kwanza, na yeye akaingia kwenye basi. Kama ningekusanya sahihi tu paredini, nisingejua.

Kibali cha halmashauri kilitoka siku ya tisa. Cha mkoa kilitoka siku ya kumi na tisa. Zilikuwa zimebaki zaidi ya wiki mbili, na gari nalo lilikubaliwa, kwa maandishi, na namba ya usajili. Nilipumua. Hata hapo sikutangaza paredini.

Jumatano kabla ya Jumamosi nikapigiwa simu: gari letu limepangiwa ziara ya kiongozi, samahani sana Mwalimu. Mwaka wa kwanza simu ile ingekuwa mwisho wa safari. Safari hii nilifungua faili nikasoma aya ya 5 kana kwamba sikuiandika mimi. Kibali kilikuwa mkononi, na ndani yake gari la kukodi lilikuwa limeshatajwa. Hatukuhitaji kuomba upya, tulihitaji kuwasilisha nyaraka tu.

Fedha ndiyo ilituumiza. Kosta ya kukodi kwa siku, mafuta ndani, tulikubaliana shilingi 350,000. Tulikuwa na zile 120,000 za dizeli. Mwalimu mwenzangu akapendekeza kila mtoto alete 10,000. Mkuu akakataa papo hapo. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, mchango wa wazazi ni wa hiari na unahitaji kibali chake, na mtoto hazuiwi kitu kwa sababu mzazi hakuchangia. Kuanzisha mchango siku tatu kabla ya safari kungetuletea barua ya kujieleza badala ya kombe. Zilizopungua zilikuwa 230,000. Mjumbe wa bodi mwenye duka la vifaa vya ujenzi akatoa 100,000, walimu wakachanga 80,000, na 50,000 nikatoa mimi. Nilitoa kwa moyo, lakini mwezi ule nilikopa nauli. Ukiandika barua ya gari, andika na bajeti ya gari lisipokuja, uipitishe mapema kwenye bodi. Sisi hatukufanya hivyo.

Alhamisi mchana nilisimama stendi na mwenye Kosta nikaomba kuona vitu vinne: leseni ya LATRA ya gari, bima ambayo haijaisha, leseni ya dereva ya daraja la kubeba abiria, na kibali cha kukodiwa, kwa kuwa gari lake kwa kawaida linafanya njia nyingine na haliwezi kutoka tu kwenda Moshi. Vitatu alikuwa navyo. Cha nne akasema, "Ah, trafiki wa njia ile nawajua." Nikamwambia mimi siwajui, na karatasi hii naipeleka kwa Afisa Elimu. Akanung'unika, akaenda, akarudi nacho Ijumaa asubuhi. Nikatoa nakala, nikaandika barua ya mistari mitano: kwa kurejea kibali chenu Kumb. Na. fulani, aya ya 5, gari litakalotumika ni lenye namba hizi, dereva ni huyu. Ikapigwa mhuri saa 5 asubuhi.

Ijumaa mchana ndipo nikasoma majina paredini.

Njiani tulisimamishwa mara mbili. Mara ya pili, karibu na Boma Ng'ombe, askari aliingia ndani, akahesabu vichwa, akaomba kibali. Nikampa faili zima. Akalisoma akiwa amesimama mlangoni, akahesabu tena, akasema, "Haya Mwalimu, safari njema." Tulikuwa 28 kwenye karatasi na 28 kwenye viti.

Wavulana walitolewa mapema. Wasichana walifika fainali, na fainali ikachelewa. Saa 9:30 ilipofika ilikuwa inaanza nusu ya pili, tukiongoza kwa magoli mawili. Dereva akaniangalia. Nilisubiri filimbi ya mwisho, dakika 15, na hilo ni kosa ambalo nililiandika mwenyewe kwenye taarifa. Sherehe ya vikombe hatukuisubiri. Wasichana walipanda gari wakilia kwamba kombe lao litakabidhiwa bila wao, na sikuwa na la kuwaambia zaidi ya saa. Tuliingia getini saa 11:50 jioni. Nikawahesabu wakishuka, 26, kisha nikapiga simu za wazazi mmoja mmoja kwa ile orodha iliyokuwa kiambatisho.

Jumatatu nilipeleka barua ya mwisho, taarifa ya safari, ukurasa mmoja: waliokwenda, waliorudi, muda, dakika 15 tulizochelewa kuondoka na sababu yake, gharama. Yule mama wa masjala akaigonga mhuri akauliza kama tulishinda. Nikamwambia kombe liko njiani, wenyeji watalileta kwa basi la abiria siku ya Alhamisi. Akaniomba nikilipata nimletee alione.